Mashimo meusi yanayeyuka kweli? Na mbona makubwa hayapungui?

#1 Swali_Gumu
Wakuu, salaam. Kila ninaposoma kuhusu mashimo meusi nakutana na mambo mawili yanayogongana. Kwanza, hakuna kinachotoka humo, hata mwanga. Pili, Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba mashimo haya yanatoa mnururisho, yanapungua kidogo kidogo na mwishowe yanaisha. Halafu wanaongeza kwamba yale makubwa hayabadiliki. Hapo ndipo ninapokwama. Nyota kubwa huungua na kuisha haraka kuliko ndogo, sasa kwa nini hapa kikubwa ndicho kinachodumu? Naomba sababu, maana nikiambiwa tu "ndivyo hesabu inavyosema" nitabaki palepale.

#2 ChembePacha
Mbona rahisi, mkuu. Ombwe la anga si tupu. Kila wakati zinazuka chembe mbili mbili, zinakutana na kupotea. Zikizuka ukingoni mwa shimo, moja inatumbukia na nyingine inatoroka. Iliyotumbukia ni antimata, kwa hiyo inakula masi ya shimo. Na shimo kubwa lina mvutano mkali mno, kwa hiyo chembe chache sana zinafanikiwa kutoroka. Ndiyo maana halipungui.

#3 Darubini_Yangu
Hili halijawahi kuonekana kwa macho? Ile picha ya shimo la M87 iliyotolewa Aprili 2019 inaonyesha pete inayong'aa. Si ndiyo huo mnururisho wa Hawking?

#4 Binti_Hesabu
Darubini_Yangu, hapana. Pete ile ni gesi ya moto inayozunguka nje ya shimo. Mnururisho wa Hawking wa shimo la ukubwa ule ni hafifu kiasi kwamba hakuna chombo chochote kilichopo kinachoweza kuusikia.

ChembePacha, una mambo mawili yanayohitaji kurekebishwa. Antimata ina nishati chanya kama mata ya kawaida. Ukilimwagia shimo jeusi tani moja ya positroni, linanenepa kwa tani moja. Kinachopunguza masi ni nishati hasi inayovuka ukingo wa shimo, yaani upeo wa tukio, kwenda ndani, na hiyo haihusiani na chembe kuwa mata au antimata.

La pili ndilo linalogusa swali la uzi. Shimo kubwa lina mvutano *dhaifu* zaidi pale ukingoni kuliko dogo. Masi ikiongezeka mara kumi, ukingo nao unasogea mbali mara kumi, na nguvu ya mvutano hupungua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo ukipima kwa kipimo kinachotumika ukingoni, mvutano unashuka mara kumi. Halijoto ya shimo inafuata kipimo hicho hicho:

```
T = ħc³ / (8πGMk)
```

T ni halijoto. M, yaani masi, iko chini ya mstari, na herufi nyingine ni namba zisizobadilika. Masi ikipanda, halijoto inashuka. Kwa shimo lenye masi ya Jua unapata kelvini 0.00000006 hivi.

#5 Swali_Gumu
Asante dada. Lakini kubwa lina eneo kubwa. Hata kama ni baridi, uso mpana si ungetoa jumla kubwa zaidi?

#6 Binti_Hesabu
Swali zuri, tuende nalo hatua kwa hatua. Nishati inayotoka kwa sekunde inategemea eneo la uso ukizidisha na halijoto iliyopandishwa kwa kipeo cha nne. Sasa chukua shimo ulifanye zito mara kumi. Eneo linaongezeka mara 100. Halijoto inashuka mara kumi, na kwa kuwa iko kwenye kipeo cha nne, mchango wake unashuka mara 10,000. Eneo limejitahidi, lakini limezidiwa mbali. Jumla inayotoka imepungua mara 100.

Halafu ujue kwamba shimo hili lina masi mara kumi ya kupoteza, na linaipoteza kwa kasi ndogo mara 100. Kwa hiyo umri wake ni mara 1,000. Umri unafuata masi kwa kipeo cha tatu. Shimo la masi ya Jua lingehitaji miaka kama 10^67. Lile lililo katikati ya galaksi yetu, lenye masi ya Jua mara milioni nne na kitu, linafika kama 10^87.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo watu hawalioni. Shimo linapofika nusu ya masi yake ya mwanzo, umri uliobaki ni sehemu moja tu kati ya nane. Yaani sehemu saba kati ya nane za maisha yake yote zimepita likipoteza nusu ya kwanza. Mwanzo ni mrefu ajabu, na mwisho unakuja kwa kishindo.

#7 MzeeWaMawimbi
Nimemfuatilia Binti_Hesabu na hesabu yake imesimama. Lakini naona wote mnakubali kimyakimya kwamba chembe zinazuka "ukingoni" kama #2 alivyosema. Mimi sikubali, na sababu yangu ni hii.

Chukueni shimo hilo hilo la masi ya Jua. Upana wake kutoka ukingo hadi ukingo ni kama kilomita 6. Sasa tafuteni urefu wa wimbi la mwanga linalotoka humo kwa wingi zaidi. Mtapata kama kilomita 40. Wimbi moja ni refu kuliko shimo zima mara sita au saba! Utasemaje kwamba kitu cha urefu huo kimezaliwa katika nukta fulani kwenye ngozi ya shimo? Wimbi hilo linatoka katika eneo zima linalolizunguka.

Kwangu, hapo ndipo jibu la Swali_Gumu lilipo. Ngoma kubwa hutoa sauti nzito na ndogo hutoa sauti nyembamba, kwa sababu urefu wa wimbi unafuata ukubwa wa chombo. Shimo kubwa hutoa mawimbi marefu, na wimbi refu hubeba nishati kidogo. Huhitaji chembe pacha wowote hapo.

#8 ChembePacha
Mzee, hiyo picha ya pacha Hawking mwenyewe ameiandika kwenye makala yake. Sijaitunga mimi.

#9 MzeeWaMawimbi
Ameiandika, kweli, kwenye ile makala ndefu ya 1975. Na palepale akaonya kwamba ni ya kusaidia kufikiri tu, isichukuliwe neno kwa neno. Hesabu yake haina chembe inayokatwa na ukingo. Anachukua mawimbi ya ombwe kabla nyota haijaporomoka, anayafuata yanapopita katikati ya mporomoko na kuvutwa yakawa marefu mno, kisha anauliza mtu aliye mbali baadaye atayahesabuje. Yale yaliyokuwa ombwe kwa mtu wa mwanzo, kwa mtu wa baadaye yana chembe ndani yake, tena zimepangika kwa mpangilio wa kitu chenye joto. Ombwe la mmoja si ombwe la mwingine. Hicho ndicho chanzo.

#10 KetoMaabara
Na mimi nichangie, kwa sababu halijoto mnazotaja ndizo nilizofanya nazo kazi. Nilikuwa kwenye maabara ya atomi baridi, tunapoza gesi ya rubidi kwa leza na sumaku hadi inakuwa kitu kimoja cha kikwantamu. Kundi la kwanza duniani kufanya hivyo, mwaka 1995, lilifika nanokelvini 170 hivi, na baadaye wengine wakashuka chini ya nanokelvini moja. Shimo la masi ya Jua, lile la kelvini 0.00000006, ni nanokelvini 60. Kwa hiyo wanadamu wameshatengeneza kitu chenye baridi kuliko shimo jeusi la kiasi hicho. Lile la katikati ya galaksi hatulikaribii hata kidogo.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Adui yetu mkubwa maabara alikuwa mwanga wa kuvuja. Kizibo cha leza kikibaki wazi kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, wingu la atomi linapashwa joto na kwenye skrini doa linafifia hadi hakuna kitu. Kitu baridi kikizungukwa na vitu vyenye joto kinapokea, hakitoi. Sasa niambieni, shimo la nanokelvini 60 limekaa kwenye anga lenye joto gani?

#11 Binti_Hesabu
KetoMaabara, umegonga penyewe. Anga zima limejaa mwanga wa masalia ya Mlipuko Mkuu, na halijoto yake ni kelvini 2.7. Hiyo ni mara zaidi ya milioni 40 ya halijoto ya shimo la masi ya Jua.

Nimepiga hesabu ya kinachoingia na kinachotoka. Shimo la masi ya Jua, likiwa peke yake mahali pasipo hata gesi, linameza kama wati 2,000 za mwanga huo wa masalia. Linalotoa ni kama wati 10^-28. Kwa kasi hiyo ya kutoa, kupoteza masi ya elektroni moja tu kungechukua karibu miaka milioni 20.

Kwa hiyo, Swali_Gumu, kauli ya kwamba makubwa "hayapungui" bado ni ya kiungwana. Kwa sasa yanaongezeka. Kwa mwanga wa masalia peke yake ongezeko halifiki miligramu moja kwa mwaka, lakini ni ongezeko.

#12 Swali_Gumu
Hii sikuitegemea. Kwa maana hiyo hakuna shimo hata moja linaloyeyuka leo?

#13 Binti_Hesabu
Kati ya yale tunayoyajua, hakuna. Yote yametokana na nyota au ni makubwa zaidi ya hapo. Mpaka wa kupokea na kutoa uko kwenye masi ya kilo 4.5 × 10^22, kama sehemu sita kati ya kumi za masi ya Mwezi wetu. Shimo la masi hiyo lina kipenyo cha milimita 0.13 tu. Likiwa zito zaidi ya hapo linakua, likiwa jepesi zaidi linapungua.

#14 Kipimajoto
Wakuu, mnasahau kwamba anga linapoa. Ulimwengu unapanuka na hiyo kelvini 2.7 inashuka. Ipo siku litakuwa baridi kuliko shimo lenyewe, hapo ndipo litaanza kupungua. Ila itachukua muda mrefu kuliko huo umri wa 10^67, kwa hiyo kivitendo hayayeyuki kamwe.

#15 MzeeWaMawimbi
Nusu ya kwanza sawa, ya pili hapana. Upanuzi unazidi kushika kasi, kwa hiyo halijoto ya masalia inashuka kwa kugawanywa tena na tena. Ukiendeleza mwenendo wa sasa, miaka bilioni mia tatu hivi inatosha kuifikisha nanokelvini 60. Hata kwa lile la katikati ya galaksi haifiki bilioni elfu moja. Mbele ya 10^67 hicho ni kipindi kifupi sana. Kinachokula muda ni kule kutoa kwenyewe.

#16 Kipimajoto
Hapo unachukulia kwamba nguvu inayosukuma upanuzi haitabadilika. Hilo hakuna aliyelithibitisha, mzee. Mimi nabaki na shaka yangu.

#17 MzeeWaMawimbi
Ni haki yako. Ikibadilika, namba yangu nayo itabadilika.

#18 Jongoo_wa_Anga
Naomba kuuliza tofauti. Hawking huyo huyo mwaka 1971 alithibitisha kwamba eneo la upeo wa tukio haliwezi kupungua. Na mawimbi ya mvutano yaliyonaswa Septemba 2015 yalipochambuliwa upya, matokeo ya 2021 yakaonyesha eneo baada ya mashimo mawili kuungana halikuwa dogo kuliko jumla ya awali. Sasa mnasema shimo linasinyaa. Kipi ni kipi?

#19 Binti_Hesabu
Vyote viwili vinasimama, kila kimoja na sharti lake. Uthibitisho wa 1971 unaanza kwa kudai kwamba nishati inayovuka ukingo kwenda ndani haiwi hasi. Kwa mata ya kawaida dai hilo ni kweli. Uwanja wa kikwantamu unaruhusu nishati hasi, kidogo tu, na hapo uthibitisho unakosa mguu wa kusimamia. Mashimo yaliyogongana yana masi ya Jua mara thelathini hivi kila moja, na huko mchango wa kikwantamu ni mdogo kupindukia, kwa hiyo kanuni ya 1971 inafanya kazi bila doa.

Kuna historia nzuri hapo. Jacob Bekenstein alichukua kanuni hiyo ya eneo na kusema shimo lina entropi, yaani kipimo cha mvurugiko. Hawking alimpinga, kwa sababu chenye entropi lazima kiwe na halijoto, na chenye halijoto lazima kitoe. Alipofanya hesabu mwenyewe akakuta kinatoa.

#20 Handaki
Mbona hakuna aliyetaja njia ya handaki? Parikh na Wilczek, mwaka 2000. Chembe iliyo ndani kidogo ya ukingo inapenya kikwantamu kutoka nje, kama chembe za alfa zinavyopenya kutoka kwenye kiini cha atomi. Uzuri wake ni kwamba inahesabu shimo kusinyaa *wakati* chembe inatoka. Halijoto ni ileile ya #4, lakini unapata pia kwamba mnururisho si wa joto kamili. Kwa maoni yangu ni bora kuliko mawimbi ya mzee na pacha wa #2.

#21 ChembePacha
Handaki, hiyo si ileile ya pacha umeivisha nguo nyingine? Kitu kimoja ndani, kimoja nje, ukingo katikati.

#22 MzeeWaMawimbi
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na ChembePacha. Na swali langu la kilomita 40 halijajibiwa na handaki.

#23 Handaki
Handaki linatoa kasi sahihi ya kutoka. Wimbi refu ni namna linavyoonekana ukiwa mbali. Karibu na ukingo wimbi hilo ni fupi mno, limebanwa na mvutano, na linarefuka likipanda. Kwa hiyo urefu wa mwisho hauthibitishi mahali lilipozaliwa.

#24 MzeeWaMawimbi
Ukilirudisha nyuma hadi ukingoni unafika kwenye mawimbi mafupi kuliko kiwango chochote ambacho fizikia yetu imepimwa. Unajenga juu ya kitu ambacho hakuna anayejua kinafanyaje kazi. Ndiyo maana mimi natafuta chanzo katika eneo lote la kuzunguka. Mwaka 2023 kikundi chenye Heino Falcke ndani yake kilienda mbali zaidi, wakasema mpindo wa anga unatosha hata bila upeo wa tukio. Hilo la mwisho wengi wamelipinga, na mimi silinunui lote.

#25 Darubini_Yangu
Mimi wa kuona kwa macho narudi. Basi tuyatafute madogo. Kama dogo ni moto na linaisha kwa kishindo, si tungeona mlipuko?

#26 KetoMaabara
Watu wanatafuta kweli. Shimo dogo haliwezi kutoka kwenye nyota, ingebidi liwe limezaliwa muda mfupi baada ya Mlipuko Mkuu. Lililozaliwa wakati huo na kilo kama bilioni 500 lingekuwa linamalizika sasa hivi. Ni masi ya mlima uliobanwa kwenye nafasi ya ukubwa wa protoni, na halijoto yake ni zaidi ya kelvini bilioni 200. Kwa joto hilo linatoa hadi elektroni na miale ya gama, si mwanga tu.

Kwenye sekunde ya mwisho masi yote iliyobaki inageuka nishati, ikiwemo miale ya gama mikali. Darubini ya Fermi iliyo angani na vituo vya ardhini kama HAWC vimetafuta mlipuko wa namna hiyo, na hadi sasa hakuna uliothibitishwa. Kinachopatikana ni ukomo: mashimo hayo, kama yapo, hayawezi kuwa mengi kuliko kiasi fulani.

#27 Jongoo_wa_Anga
Au hayayeyuki, ndiyo maana hayaonekani.

#28 KetoMaabara
Au hayakuzaliwa kabisa. Kutoona mlipuko hakukuambii ni kipi kati ya hivyo viwili. Ushahidi wa karibu tulio nao umetoka maabara: Jeff Steinhauer huko Haifa alitengeneza ukingo wa sauti ndani ya atomi baridi, sehemu ambayo gesi inatiririka haraka kuliko sauti, na mwaka 2016 akaripoti sauti pacha zikitoka pande mbili za ukingo. Wazo la kutumia sauti ni la mwanafizikia Unruh, la mwaka 1981. Nimefanya kazi na mawingu ya atomi, na najua jinsi ilivyo kazi kutenganisha ishara hiyo na kelele ya chombo. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini ni sauti kwenye gesi, mvutano haumo.

#29 ChembePacha
"Sauti pacha zikitoka pande mbili za ukingo." Naomba mzee arudie kusoma sentensi hiyo.

#30 MzeeWaMawimbi
Nimesoma. Kule ukingo una upana unaojulikana na atomi zinahesabika. Nionyeshe hivyo kwa shimo la kilomita 6 kisha tuongee.

#31 Swali_Gumu
Wakuu, nashukuru. La ukubwa nimelipata: kubwa ni baridi, baridi kwenye kipeo cha nne inashinda upana wa uso, na anga lenyewe linalilisha. Chanzo cha mnururisho naona hamjakubaliana. Ila lipo moja limenikaa. Shimo likiisha, vile vilivyoangukia ndani, habari zake zinaenda wapi? Kama kinachotoka ni joto tupu, kitabu na jiwe vyenye masi sawa vinatoa kitu kilekile.

#32 Handaki
Ndiyo maana nilisema mnururisho si wa joto kamili. Hawking alidai mwaka 1976 kwamba habari zinapotea, John Preskill akawekeana naye dau mwaka 1997, na mwaka 2004 Hawking akakubali kushindwa. Tangu 2019 kuna hesabu zinazoonyesha habari zinarudi nje, nyingi zikianza kutoka shimo likiwa limefika kama nusu ya safari yake.

#33 Binti_Hesabu
Hesabu hizo zinaonyesha kwamba jumla inarudi. Kwamba herufi ya kitabu inaingiaje kwenye fotoni fulani, hazisemi. Kip Thorne alikuwa upande wa Hawking kwenye dau hilo na hakukubali siku ile. Nadhani swali hili lifunguliwe uzi wake, hapa litameza lile la kwanza.

#34 Jongoo_wa_Anga
Fungueni, ila anzeni na hili: hesabu ya #4 inaacha kuaminika shimo likikaribia kilo 0.00000002, masi ya Planck. Kama linasimama hapo na kubaki kichembe baridi kisichotoa kitu, basi halikuyeyuka lote, na habari zimo humo humo.

#35 Handaki
Zingetosha vipi humo ndani? Shimo la masi ya Jua lina entropi ya kiwango cha 10^77. Njoo na hesabu kwenye uzi mpya.